Kidonge cha kuacha sigara si zawadi ya kutumiana: tuongee kuhusu bupropioni

SEHEMU YA 1: Kwa nini nimeamua kuandika

Mfululizo wa safari hii ni mrefu kidogo, nimeugawa vipande sita ili usome taratibu hata ukiwa unanyonyesha.

Mara nyingi naulizwa swali la namna hii: "Nesi, shemeji yangu yuko Uingereza, kamtumia mume wangu vidonge vya kuacha sigara. Vinaitwa bupropioni. Ampe tu aanze?" Mwingine anauliza kama na yeye anaweza kumeza viwili vitatu, kwa sababu kasikia vinapunguza uzito. Na wa tatu anasema mume wake kapewa na daktari lakini kagoma, kwa sababu mtu kamwambia hiyo ni dawa ya vichaa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Bupropioni ni dawa nzuri, na kwa mvutaji anayefaa naona inaogopwa bure. Lakini ni dawa ya kuulizwa maswali kwanza, halafu ndiyo imezwe. Anayempa mwenzake mkononi bila maswali anafanya jambo la hatari, hata kama nia yake ni njema. Hofu ya dawa ya vichaa haina msingi. Hofu ya kugawana vidonge ina msingi mkubwa, na ndiyo ambayo watu hawana.

Kwa hiyo nitaeleza inavyofanya kazi kichwani, inavyomezwa, nani asiiguse kabisa, halafu tuchukue baba mmoja wa mfano tumpitishe kwenye maswali yote hatua kwa hatua.

SEHEMU YA 2: Ilitoka wapi, na inafanya nini kichwani

Ni kweli bupropioni ilianza kama dawa ya sonona, yaani ule huzuni mzito unaomlaza mtu kitandani. Marekani iliruhusiwa kwa kazi hiyo mwaka 1985. Baadaye daktari mmoja wa California, Linda Ferry, aliyekuwa akiwahudumia wanajeshi wastaafu, aliona kitu cha ajabu: wavutaji waliokuwa wakimeza dawa hii walikuwa wanapoteza hamu ya sigara. Ikafanyiwa utafiti, na mwaka 1997 ikaruhusiwa rasmi kama dawa ya kuacha sigara, ikiuzwa kwa jina la Zyban. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa kazi hiyohiyo ya kuacha tumbaku.

Kwa hiyo mume wako akipewa, haina maana daktari kamwona ana kichaa. Inamsaidia hata mvutaji ambaye hajawahi kuwa na sonona maishani mwake.

Sasa inafanyaje? Kila pafu la sigara likiingia, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache tu na kufungua vijilango fulani. Vikifunguka, ubongo unamwaga kemikali ya raha inayoitwa dopamini, na nyingine ya kuchangamsha inayoitwa noradrenalini. Ubongo wa mvutaji unazoea kupata hivyo vitu kwa njia ya sigara. Siku akiacha, kemikali zinashuka, ndipo inakuja ile tunayoiita arosto: hasira za bure, mawazo kuruka huku na kule, usingizi kukatika, njaa isiyoisha, na sigara kuitwa kichwani kila dakika.

Fikiria ndoo yenye tundu chini. Bomba linajaza, tundu linatoa. Sigara ilikuwa inafungulia bomba kwa nguvu. Ukiiondoa sigara, bomba linakuwa la matone na ndoo inakauka. Bupropioni haifungulii bomba, inapunguza ukubwa wa tundu. Dopamini na noradrenalini kidogo zilizopo zinakaa muda mrefu zaidi kabla hazijanyonywa kurudi zilikotoka. Ndoo haijai kama zamani, lakini haikauki.

Kazi yake ya pili ni kwamba inaviziba kwa kiasi vile vijilango vya nikotini. Ndiyo maana wapo wavutaji wanaosema, "Nimevuta moja, lakini haina ladha, kama navuta karatasi." Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi.

Angalia pia kitu ambacho haina: haina nikotini yoyote. Si kama kile kibandiko cha ngozini au bigijii ya nikotini, ambavyo vinampa mtu nikotini kidogo bila moshi. Njia zake ni tofauti, na hatari zake ni tofauti.

Nisikudanganye kuhusu nguvu yake. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wavutaji zaidi ya 8,000, nusu yao wakiwa na historia ya ugonjwa wa akili. Kwenye kila watu 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, takriban 9 walikuwa bado hawavuti kuanzia wiki ya 9 mpaka ya 24. Waliopewa bupropioni walikuwa 16, na wa vibandiko vya nikotini pia 16. Waliopewa dawa nyingine iitwayo vareniklini walikuwa 22. Maana yake bupropioni inakaribia kuzidisha mara mbili nafasi ya kufanikiwa, lakini wengi wanaoimeza bado watarudia sigara. Yule anayekwambia meza tu, utaichukia sigara, anakuuzia ndoto.

SEHEMU YA 3: Inavyomezwa

Kidonge cha kuacha sigara kinakuwa na miligramu 150, na kimetengenezwa kuachia dawa polepole kwa masaa mengi. Hilo jambo la polepole ndilo linalobeba sheria karibu zote, kwa hiyo lishike.

Mtu anaanza akiwa bado anavuta. Wengi wanashangaa hapo. Sababu ni kwamba dawa inahitaji kama wiki moja kujaa mwilini. Akiacha sigara siku ya kwanza ya dawa, arosto itamkuta kabla msaada haujafika, halafu atasema dawa ni feki. Kwa hiyo anapanga tarehe ya kuacha ndani ya wiki ya pili, na anaendelea kuvuta mpaka siku hiyo. Ikifika, anaacha kabisa.

Siku za mwanzo anameza kidonge kimoja asubuhi. Maelekezo ya Marekani yanasema siku 3, ya Uingereza siku 6, basi fuata ya daktari wako. Baada ya hapo ni viwili kwa siku, na katikati yapite masaa yasiyopungua 8. Mfano mzuri ni saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Usimeze cha pili usiku, kwa sababu dawa hii inakimbiza usingizi, na ndilo lalamiko kubwa pamoja na mdomo kukauka. Kwa jumla anatumia wiki 7 mpaka 12. Ikifika wiki ya 7 na sigara hazijapungua chochote, uwezekano wa kufanikiwa kwa dawa hii ni mdogo. Arudi kwa daktari wabadili njia.

Kidonge kinamezwa kizima. Hakivunjwi, hakisagwi, hakitafunwi. Ukikivunja, dawa iliyopangwa kutoka kwa masaa mengi inamwagika kwa mkupuo. Ukisahau kidonge, kiache, subiri muda wa kinachofuata. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Kwa kuacha sigara, kwa siku hazizidi miligramu 300, na kwa mara moja hazizidi 150.

Kwa nini naweka mkazo hapa? Dawa hii ikizidi kichwani inaweza kuleta degedege. Ndiyo, degedege ileile unayoijua kwa mtoto mwenye homa kali, ila hii inampata mtu mzima: anaanguka, macho yanageuka, mwili unatikisika, hajitambui. Mwaka 1986, mwaka mmoja tu baada ya kuruhusiwa, bupropioni iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu hiyo. Wakati ule watu walikuwa wanapewa dozi kubwa kuliko ya leo. Ilirudishwa mwaka 1989 dozi ikiwa imepunguzwa. Kwa dozi ya leo ya kuacha sigara, hatari ni kama mtu 1 kwenye 1,000.

Moja kwenye elfu ni ndogo, na ukiilinganisha na sigara, ambayo inaua hadi nusu ya wanaoendelea kuivuta, dawa inashinda bila ubishi. Lakini sikiliza vizuri: hiyo moja kwenye elfu ni ya watu waliokwisha kuulizwa maswali, wenye hatari wakawekwa pembeni. Ukimpa mtu bila kumuuliza, hesabu hiyo si yake tena.

SEHEMU YA 4: Nani asiiguse

Chukulia ubongo una ukuta unaozuia degedege. Kila mtu ana ukuta wake, wengine mrefu, wengine mfupi. Bupropioni inaushusha kidogo. Kwa mwenye ukuta mrefu haina shida. Kwa ambaye ukuta wake tayari uko chini, hicho kidogo kinatosha kumwangusha. Ukilielewa hilo, orodha yote utaikumbuka bila kukariri.

Wa kwanza ni mwenye kifafa, au aliyewahi kupata degedege ukubwani, au mwenye uvimbe kwenye ubongo. Huyu hapewi. Aliyewahi kuumia kichwa vibaya, kwa mfano ajali ya bodaboda akazimia, aseme mapema ili daktari apime uzito wa jambo lenyewe. Najua kwenye familia nyingi kifafa ni siri, hata mke haambiwi mpaka aone kwa macho. Kwa dawa hii, siri hiyo ni hatari. Mwambie mhudumu ukiwa peke yako kama unaona aibu, lakini sema.

Wa pili ni mnywaji wa pombe wa kila siku ambaye anaacha ghafla. Hapa ndipo naona hatari kubwa kwetu. Ubongo uliozoea pombe nyingi, ukikatiwa ghafla, unaweza kuleta degedege wenyewe hata bila dawa yoyote, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Sasa watu wetu wanapenda kuacha vyote kwa mpigo. Kwaresima imeanza, Ramadhani imeandama, au mtu kaokoka: leo pombe basi, sigara basi. Nia ni nzuri sana. Lakini ukiongeza na bupropioni siku hiyohiyo, umeushusha ukuta mara mbili kwa wakati mmoja. Hali ni ileile kwa anayekatisha ghafla vidonge vya usingizi au vya kutuliza wasiwasi kama diazepamu.

Wa tatu ni aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kula: anayejinyima chakula mpaka anakonda kupita kiasi kwa hofu ya kunenepa, au anayekula sana halafu anajitapisha. Miili yao ilionekana kupata degedege zaidi kwa dawa hii. Kwa hiyo wewe dada unayetaka vidonge vya mume wako ili upungue, tafadhali acha. Na ujue kwamba zipo dawa za kupunguza uzito zinazouzwa nje ambazo ndani yake mna bupropioni hiyohiyo.

Hapo hapo niseme: asimeze mtu ambaye tayari anatumia bupropioni kwa jina lingine. Zyban ni bupropioni, Wellbutrin ni bupropioni. Maboksi mawili, dawa moja. Ukimeza zote umeongeza dozi bila kujua.

Wa nne ni anayetumia aina fulani ya zamani ya dawa za sonona, ambazo wataalamu wanaziita vizuia-MAO. Lazima zipite siku 14 tangu aziache. Aliyewahi kuwa na ule ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, leo ana furaha ya ajabu halalai, kesho hawezi kuamka, naye asianze bila daktari wa akili, maana dawa inaweza kumpandisha. Mwenye ini lililoharibika sana hapewi. Mwenye shida ndogo ya ini au ya figo, au mzee, kwa kawaida anabaki kwenye kidonge kimoja kwa siku.

Kisha kuna vitu vya kabatini ambavyo watu hawavihesabu kama dawa. Piritoni ya mafua na muwasho. Tramadoli ya maumivu. Sipro ya tumbo na mkojo. Prednisoloni ya pumu. Baadhi ya dawa za malaria, hasa meflokwini na klorokwini. Insulini na vidonge vya kushusha sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana nayo inaleta degedege. Hivi vyote vinaweza kuushusha ukuta. Havimaanishi moja kwa moja kwamba mtu hafai, vinamaanisha daktari lazima ajue, abadilishe kimoja au apunguze dozi. Na wanaotumia dawa za VVU wataje majina yake, kwa sababu baadhi, kama efavirenzi, zinapunguza nguvu ya bupropioni.

Presha pia ipimwe kabla ya kuanza na iendelee kupimwa, kwa sababu dawa inaweza kuipandisha, hasa mtu akichanganya na kibandiko cha nikotini. Na walio chini ya miaka 18 hawapewi kwa kazi hii.

SEHEMU YA 5: Baba wa mfano

Tuchukue baba wa kubuni. Ana miaka 41, ni dereva wa lori. Anavuta sigara 20 kwa siku, na ya kwanza anawasha kabla hajanawa uso. Jioni anakunywa pombe kali, karibu kila siku. Mgongo unamsumbua, kwa hiyo ana tramadoli kwenye dashibodi ya gari. Kaka yake kamtumia maboksi mawili ya bupropioni. Mke ananyonyesha mtoto wa miezi minne, na mkubwa ana miaka mitatu. Baba ameapa: Jumatano ya Majivu anaacha pombe na sigara kwa pamoja, na vidonge anaanza siku hiyo.

Ukimtazama kwa haraka, ni mtu anayeomba msaada na dawa iko mkononi. Ukimuuliza maswali, unakuta mambo matatu yanayovuta ukuta chini kwa pamoja: pombe inayokatwa ghafla, tramadoli, na dawa yenyewe. Na kazi yake ni kushika usukani wa lori. Degedege moja barabarani haimwangushi yeye peke yake.

Je, tumkataze kuacha? Hapana kabisa. Tunapanga upya.

Kwanza pombe. Mnywaji wa kila siku hakati mwenyewe nyumbani, anaenda kituo cha afya ashushwe kwa usimamizi, na bupropioni inakaa kando mpaka kipindi hicho kipite na daktari aridhike. Kama hataki kusubiri na sigara inamkera leo, kibandiko au bigijii ya nikotini haina hii shida ya degedege, aulizie hivyo.

Pili tramadoli. Mgongo uangaliwe, apewe kitu kingine cha maumivu. Isiwe anaiacha siku moja na kuirudia nyingine kimyakimya akiwa safarini. Na kama amekuwa akiimeza kila siku kwa muda mrefu, aipunguze kwa maelekezo ya daktari, asiikate ghafla.

Tatu presha. Tuseme imesoma 158 kwa 98. Hatuanzi kwa kipimo kimoja cha namna hiyo. Inarudiwa siku nyingine, na ikiwa kweli iko juu inatibiwa kwanza.

Nne, yakishakaa sawa, kalenda. Tuseme anaanza Jumatatu tarehe 1. Tarehe 1 hadi 3 kidonge kimoja saa moja asubuhi, anaendelea kuvuta. Kuanzia tarehe 4 viwili, saa moja asubuhi na saa kumi jioni. Siku hizo za mwanzo asiendeshe safari ndefu mpaka aone kama dawa inamletea kizunguzungu. Tarehe 10 ndiyo siku ya kuacha: sigara za mwisho zitoke kwenye gari, kiberiti kitoke, na hizo wiki mbili za kwanza aepuke kijiwe cha jioni, maana glasi na sigara kwake vimeoana. Baada ya hapo apimwe presha tena, na aonane na mhudumu kila baada ya wiki moja au mbili. Kidonge na mazungumzo vinafanya kazi vizuri zaidi kuliko kidonge peke yake.

Na mama wa nyumba hii yeye afanye nini? Kazi yake ni kuangalia dalili. Vipele, muwasho wa mwili mzima, uso au midomo kuvimba, homa na maungo kuuma hata baada ya wiki mbili tatu: dawa isimame, aende hospitali. Akianza kuwa mtu mwingine, hasira zisizoeleweka, kuona au kusikia vitu visivyokuwepo, au kuzungumzia kujiua, dawa isimame na asiachwe peke yake. Ule utafiti wa 2016 haukuona matatizo makubwa ya akili yakiongezeka kwa sababu ya dawa, na mwaka huohuo Marekani ikaondoa onyo kali lililokuwa kwenye boksi. Lakini kuacha sigara kwenyewe kunachafua moyo, kwa hiyo jicho ni muhimu. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mpelekeni hospitali, na dawa hairudiwi tena maisha yake yote.

SEHEMU YA 6: Mama, na watoto wa nyumba hiyo

Mama mjamzito anayevuta: bupropioni si ya kukimbilia. Unaanza na ushauri na msaada wa karibu bila dawa, na kama imeshindikana kabisa, uamuzi ni wa daktari wako, si wa duka la dawa wala wa rafiki.

Mama anayenyonyesha: dawa inapita kwenye maziwa, na yameripotiwa matukio machache ya watoto wachanga kupata degedege wakati mama anaitumia. Matukio ni machache, lakini kwa nini umjaribie mtoto wakati zipo njia nyingine? Na kama unavuta, usiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Maziwa yako bado yanamfaa. Nyonyesha kwanza, vuta baadaye, nje, mbali naye, badili nguo ya juu na unawe mikono, huku ukitafuta msaada wa kuacha.

Mwisho yule wa miaka mitatu, ambaye kwangu ndiye mwenye hatari kubwa nyumbani. Kwa mtoto mdogo vidonge hivi ni sumu, hata vichache sana. Na kwa sababu vinaachia polepole, anaweza kumeza saa mbili asubuhi, akacheza na kula vizuri mchana kutwa, halafu degedege ikamjia usiku. Inaweza kuchelewa hadi saa 24. Ndiyo maana sikubaliani na ule usemi wa "tumwangalie kwanza, mbona anacheza." Hapana. Ukikuta kidonge kimepungua na huna hakika, mbebe mtoto, beba na boksi, nenda hospitali muda huohuo. Usimtapishe, usimpe maziwa eti yanaua sumu. Waambie saa uliyogundua na idadi iliyopungua, watamlaza wamwangalie.

Vidonge vikae juu, ndani ya kitu kinachofungwa. Visikae kwenye pochi, wala chini ya mto, wala kwenye mfuko wa shati unaoning'inia mlangoni.

Kwa hiyo kwa yule aliyeuliza, "Ampe tu aanze?" jibu langu ni: asianze leo. Mchukue mume wako na boksi lake, nendeni kituo cha afya, na mkifika mtaje haya bila kuulizwa: kama amewahi kuanguka au kuumia kichwa, anakunywa kiasi gani, dawa zote alizomeza mwezi huu hata piritoni, sukari, presha, ini, figo, na kama amewahi kuugua akili. Ni mazungumzo ya dakika kumi. Akifaa, aimeze bila aibu na amalize wiki zake. Asipofaa, zipo njia nyingine, na maboksi yarudishwe kwa mfamasia. Asipewe jirani.

Mwenye swali aniandikie. Ila jina la dawa unazotumia liandike vizuri, usiniambie "vile vyeupe vya duara."